Lifti ya dola, bajeti ya shilingi: namna ya kukadiria gharama za vifaa vya nje na wakati wa kuzipitia upya

Septemba na Oktoba 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa Tanzania kwa zaidi ya shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Watu hawajamaliza kushangilia, Aprili na Mei 2025 ikarudi jirani na 2,700, kisha Oktoba 2025 ikawa tena kwenye 2,450 hivi. Kila ilipopanda au kushuka, maswali kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kwenye vikao vya kamati yalikuwa yaleyale. Dola imeshuka, mbona vigae havijashuka? Serikali inasema mfumuko wa bei ni asilimia 3, mbona profoma ya jenereta imepanda kuliko hapo? Na ile bajeti tuliyopitisha miezi sita iliyopita, tunaweza bado kuitegemea?

Maswali haya yanachanganya mambo mawili ambayo hutokea pamoja lakini chanzo chake ni tofauti. Anayeandaa bajeti ya mradi wenye vifaa vya kutoka nje asipoyatenganisha, atatenga fedha kidogo mahali pa hatari na nyingi mahali pasipohitaji.

Jambo la kwanza ni bei ya kitu chenyewe kule kinakotengenezwa, kwa fedha ya huko. Kiwanda cha China kinaweza kupandisha bei ya lifti kwa sababu chuma kimepanda, umeme umepanda, au wateja wamekuwa wengi. Nauli ya meli nayo naihesabu humu. Jambo la pili ni idadi ya shilingi unazohitaji kupata dola moja ya kulipia hicho kitu. Hili kiwanda hakihusiki nalo. Linategemea dola zinazoingia nchini kutokana na dhahabu, utalii, korosho na mikopo, zikilinganishwa na dola zinazotafutwa na waagizaji wa mafuta, mitambo na bidhaa nyingine.

Kwamba mambo haya ni tofauti, miaka ya karibuni imetuonyesha wazi. Mwaka 2021 shilingi ya Tanzania ilitulia, dola ikiwa kwenye 2,300 hivi mwaka mzima, lakini nauli ya kontena kutoka China ilipaa na bei ya chuma duniani ikapanda sana, hivyo nondo na mabati yakawa ghali bila shilingi kuanguka. Mwaka 2023 na nusu ya kwanza ya 2024 mambo yakageuka: bei nyingi za viwandani zilikuwa zimeshuka kutoka kilele chake, lakini shilingi ikadhoofika na dola zenyewe zikawa adimu benki. Aliyekuwa ameweka tahadhari ya aina moja tu aliumia katika moja ya vipindi hivyo.

Na asilimia 3 ya mfumuko wa bei inayotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu? Ni takwimu sahihi kwa kazi yake. Inapima kapu la matumizi ya kaya: unga, mchele, nauli ya daladala, kodi ya nyumba, mavazi. Lifti haimo kwenye kapu hilo, wala transfoma. Mwaka 2023 wastani wa mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 3.8, na katika mwaka huohuo shilingi ilipoteza karibu mara mbili ya kiwango hicho dhidi ya dola. Anayechukua takwimu ya kapu la kaya na kuiongeza kwenye bei ya mtambo anatumia kipimo kilichotengenezwa kwa kitu kingine.

Mradi wa mfano

Tuchukue mfano wa taasisi inayojenga hosteli ya wanafunzi ya ghorofa sita Dodoma. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya hesabu, lakini namba zake zinafanana na zile zinazokutana nazo kamati za ujenzi.

Kabla ya kuzungumzia asilimia yoyote, kamati ipange vifaa vyake kwa kufuata jinsi dola inavyovigusa. Kundi la kwanza ni vile vitakavyolipwa kwa dola moja kwa moja kwa muuzaji wa nje: hapa ni lifti mbili. Kundi la pili ni vile vitakavyonunuliwa kwa shilingi lakini vimetoka nje: vigae, nyaya za umeme, vitasa, taa. Kundi la tatu ni vile vinavyotengenezwa hapa kwa malighafi ya nje: nondo, mabati, rangi, mabomba ya plastiki. Kundi la nne ni mchanga, kokoto, matofali, mbao na malipo ya mafundi.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika. Kwa kuwa bati limeandikwa jina la kiwanda cha Dar es Salaam, watu huamini dola haihusiki nalo. Lakini bati hilo huanza kama koili ya chuma iliyoshushwa bandarini, na bomba huanza kama chembechembe za plastiki kutoka Ghuba au Asia. Sehemu ya bei inayofuata dola ni ndogo kuliko kwa kigae kilichoagizwa kizima, kwani umeme, mishahara na faida ya kiwanda ni vya shilingi, lakini ipo na si ndogo. Hata mchanga una dola kidogo ndani yake, kwa sababu lori linatumia dizeli. Hapo, hata hivyo, sishauri mtu ahangaike kupiga hesabu, maana kinachoathirika ni kidogo.

Upangaji huu unajibu dhana moja iliyoenea, kwamba shilingi ikishuka kwa asilimia 10 basi mradi mzima unapanda kwa asilimia 10. Haiwi hivyo. Kinachopanda ni sehemu inayogusa dola, na katika jengo ambalo sehemu kubwa ya gharama ni zege, kuta na ufundi, ongezeko la jumla huwa dogo. Hatari ni kwamba ongezeko hilo huangukia kwenye mstari mmoja au miwili, tena mistari ya mwisho wa ujenzi, wakati fedha zimeshaanza kuisha.

Hesabu ya lifti

Muuzaji ametoa profoma ya dola 80,000 kwa lifti zote mbili, pamoja na nauli ya meli na bima hadi Bandari ya Dar es Salaam. Profoma imeandikwa kuwa bei ni halali kwa siku 30. Masharti ya malipo ni asilimia 30 wakati wa kuagiza, asilimia 60 kabla mzigo haujapakiwa, na asilimia 10 baada ya lifti kufungwa na kukaguliwa. Wakala wa forodha amekadiria kwamba kodi na ada zinazotozwa kwa asilimia zitafika 20 kwa jumla, na ndani yake VAT peke yake ni 18. Hosteli haitarudishiwa VAT hiyo, kwa hiyo ni gharama kamili.

Siku kamati inapoandaa bajeti, benki yao inauza dola kwa 2,450. Nasisitiza: benki yao, na bei ya kuuzia. Kiwango anachokiona mtu kwenye simu, au wastani unaotangazwa na Benki Kuu, hakuna atakayemuuzia dola kwa hicho. Benki ina bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na wewe mwagizaji unakutana na ile ya juu. Kwa dola 80,000, tofauti ya shilingi 25 tu kwa kila dola ni shilingi milioni 2.

Bajeti ya wengi ingeishia hapa: dola 80,000 zidisha 2,450, milioni 196, kisha asilimia 10 ya dharura juu yake. Makosa yaliyomo ni zaidi ya moja.

Kwanza, kodi nayo inakwenda na dola. Forodha hupima thamani ya mzigo kwa dola, huibadilisha kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika wakati tamko la mzigo linapowasilishwa, na ndipo hutoza asilimia zake. Shilingi ikidhoofika kati ya siku ya kuagiza na siku meli inapofika, unalipa kodi zaidi kwa mzigo uleule. Kwa hiyo asilimia 20 ya dola 80,000, yaani 16,000, ihesabiwe kama deni la dola hata kama italipwa kwa shilingi. Jumla ya kinachofuata dola ni 96,000, na kwa kiwango cha siku ile ni shilingi 235,200,000. Huu ndio msingi.

Pili, bei ya 80,000 itakufa baada ya siku 30, na kamati inajua kwamba kibali cha ujenzi na zabuni vitachukua karibu miezi minne. Kuna uwezekano muuzaji atarudi na bei nyingine. Kamati iweke fungu la bei. Kiasi gani? Njia niipendayo ni kumwomba muuzaji mwenyewe aandike bei ambayo yuko tayari kuishikilia kwa miezi sita. Nyongeza anayoitaka kwa kushikilia bei hiyo ndiyo makadirio bora kuliko ya mtu yeyote wa kamati, kwa sababu anakijua kiwanda. Tuseme amesema asilimia 5. Bei inakuwa dola 84,000, kodi yake 16,800, jumla 100,800. Nyongeza ni dola 4,800, sawa na shilingi 11,760,000.

Tatu, malipo hayatafanyika siku moja, kwa hiyo hayabebi hatari sawa. Fedha itakayotoka baada ya miezi minne ina muda mfupi wa kuvurugwa kuliko ile itakayotoka baada ya mwaka. Kuweka asilimia moja kwa malipo yote ni kurahisisha kupita kiasi.

Ili kujua asilimia ya kuweka, usitabiri. Angalia nyuma. Fungua kumbukumbu za kiwango cha dola kwa miaka mitatu au minne, kisha jiulize: katika kipindi chochote cha miezi minne, mwendo mbaya zaidi ulikuwa upi? Na katika miezi minane? Kwa shilingi ya Tanzania, kati ya Januari na Septemba 2024 dola ilipanda kwa asilimia 8 hivi. Kati ya mwanzo wa Januari na Mei 2025 ilipanda kwa zaidi ya asilimia 10, lakini ikianzia chini baada ya kushuka ghafla, kwa hiyo mwendo huo haukuchukuliwa kama kipimo. Kamati ya hosteli ikapanga hivi: asilimia 4 kwa malipo ya kwanza (mwezi wa 4), asilimia 8 kwa malipo ya pili (mwezi wa 8), na asilimia 10 kwa kodi na malipo ya mwisho (mwezi wa 10 hadi wa 12).

Malipo ya kwanza ni dola 25,200. Asilimia 4 ya 2,450 ni shilingi 98 kwa kila dola, kwa hiyo tahadhari yake ni 2,469,600. Malipo ya pili ni dola 50,400, na asilimia 8 ni shilingi 196 kwa dola, yaani 9,878,400. Kodi na salio la mwisho kwa pamoja ni dola 25,200, na asilimia 10 ni shilingi 245 kwa dola, yaani 6,174,000. Fungu la dola ni jumla ya hizo tatu: 18,522,000.

Sasa mstari wa lifti unasomeka: msingi 235,200,000, fungu la bei 11,760,000, fungu la dola 18,522,000. Jumla 265,482,000. Mafungu mawili kwa pamoja ni karibu asilimia 13 ya msingi. Mjumbe aliyezoea asilimia 10 ya dharura atasema ni nyingi. Lakini hii si dharura. Dharura ni kwa ajili ya yale ambayo hayakujulikana: mwamba chini ya msingi, shimo la lifti lililochimbwa vibaya, ukuta uliobadilishwa. Mabadiliko ya dola na bei yanajulikana kwamba yatakuja, kisichojulikana ni ukubwa wake tu. Mama wa nyumbani anayeweka ada ya shule katika bahasha moja na fedha ya ugonjwa katika bahasha nyingine anajua kwa nini hazichanganyi: zikiwa pamoja, homa ya Machi hula ada ya Juni na hakuna anayeona mpaka Juni ifike. Mafungu haya nayo yaandikwe kwenye mistari yake, yenye majina yake, na mhasibu asiruhusiwe kuchota fungu la dola kulipia rangi.

Namba moja ya kuishika

Mafungu yakishaandikwa, kuna namba moja ambayo mwenyekiti wa kamati anaweza kuiweka mfukoni hata kama hesabu nyingine hazielewi. Ni kikomo: dola ikifika shilingi ngapi ndipo fedha ya lifti itakuwa haitoshi? Hupatikana kwa kugawa shilingi zilizobaki kwa dola zilizobaki kulipwa. Siku ya kwanza ni 265,482,000 kugawanya kwa 100,800, yaani 2,633. Maana yake, kama bei ya lifti itapanda kwa asilimia 5 kama ilivyohofiwa, mradi unastahimili dola ya wastani wa 2,633. Zaidi ya hapo ni lazima fedha itafutwe kwingine.

Kikomo hiki hubadilika kila malipo yanapofanyika, na ndiyo sababu vituo vya mapitio vinahitajika. Mapitio ya kila robo mwaka kwa kufuata kalenda ni ya kawaida, na hayadhuru, lakini kalenda haijui lini meli inapakiwa. Vituo vya maana ni vile vinavyofuata matukio: kabla ya kusaini oda, kabla ya kila malipo ya dola, mzigo unapofika bandarini, na wakati wowote kiwango kinapogusa alama mliyokubaliana mapema.

Tuifuate kamati yetu. Mwezi wa nne, zabuni imekamilika. Muuzaji ameleta bei mpya ya dola 82,000, pungufu ya 84,000 zilizohofiwa. Lakini dola sasa inauzwa 2,600, juu ya 2,548 iliyokadiriwa kwa malipo haya. Kamati inasaini, na kwenye mkataba inaandikwa wazi kwamba bei kwa dola haitabadilika hadi lifti zikabidhiwe. Hapo hatari ya bei imefungwa. Malipo ya asilimia 30 ni dola 24,600 kwa 2,600, sawa na shilingi 63,960,000. Bajeti ya malipo hayo ilikuwa 64,209,600. Wametoka salama, kwa sababu afueni ya bei imefidia ukali wa dola.

Kosa la kawaida kwenye kituo hiki ni kufurahi na kufunga daftari. Kituo cha mapitio ni cha kutazama yaliyobaki. Zimebaki shilingi 201,522,000. Zimebaki dola 73,800 za kulipwa: 49,200 kabla ya kupakia, 8,200 za mwisho, na 16,400 za kodi. Kwa kiwango cha siku hiyo zinahitajika shilingi 191,880,000. Tahadhari iliyobaki ni 9,642,000, yaani asilimia 5 tu, wakati sehemu kubwa ya malipo bado haijafanyika. Kikomo kipya ni 2,730. Fungu la bei halina kazi tena, kwa hiyo kilichosalia humo kinahamia fungu la dola kwa uamuzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kisije kikaonekana kama fedha ya ziada.

Kati ya 2,600 na 2,730 kamati inaweka alama ya katikati, 2,665. Makubaliano ni haya: benki yetu ikiuza dola kwa 2,665, mweka hazina anaitisha kikao ndani ya siku tatu, na kikao hicho kina jambo moja la kuamua, kununua dola za malipo ya pili au kutonunua. Alama hii inawekwa wakati watu wametulia, ili siku ya taharuki pasiwe na mabishano kuhusu kama hali ni mbaya au la.

Mwezi wa sita alama inaguswa. Kikao kinaamua kununua dola 49,200 mapema na kuziweka kwenye akaunti ya dola ya taasisi, benki ikipewa mkataba na profoma kama ushahidi wa matumizi. Shilingi 131,118,000 zinatoka. Zinabaki 70,404,000 kwa ajili ya dola 24,600, na kikomo kinaruka hadi 2,861. Kamati imejinunulia nafasi kubwa ya kupumua kwa sehemu iliyobaki.

Je, kama mwezi unaofuata dola ingeshuka hadi 2,450? Wangeonekana wamepoteza zaidi ya shilingi milioni 10. Hapa pana dhana nyingine inayohitaji kurekebishwa, kwamba kununua dola mapema ni kuipiga chenga soko. Aliyenunua dola Nairobi Januari 2024 kwa shilingi za Kenya 160 alidhani anajiokoa. Mwezi uliofuata Kenya iliuza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 na hofu ya nchi kushindwa kulipa deni lililotakiwa kulipwa Juni ikaondoka. Kufikia Machi dola ilikuwa karibu 130. Mwagizaji aliyefanya hivyo kwa sababu alikuwa na malipo ya wiki ile na fedha yake ilikuwa ikiisha hakukosea, alitimiza kazi ya bajeti. Aliyenunua dola za mwaka mzima kwa hofu alikuwa akicheza kamari. Kwa kamati ya hosteli, kipimo cha uamuzi ni kimoja tu: je, tukinunua leo lifti zinakamilika ndani ya fedha tuliyonayo? Walinunua kwa 2,665, chini ya kikomo. Mengine yaachiwe wafanyabiashara wa fedha.

Benki pia huuza mkataba wa kununua dola kwa tarehe ya mbele kwa bei inayokubaliwa leo. Unafaa kwa taasisi ambayo shilingi zake hazijakusanyika zote lakini inajua zitakuja, kwa mfano ada za muhula. Bei ya mbele mara nyingi huwa juu kuliko ya leo, kwa kuwa riba ya shilingi ni kubwa kuliko ya dola, na benki huweza kudai dhamana. Ifananishwe na fungu la dola la kipindi hichohicho: bei ya mbele ikiwa asilimia 3 juu na fungu lako ni asilimia 8, mkataba huo unakufungia gharama na kuachia sehemu ya fedha. Ukishauingia, lakini, dola ni zako hata bei ishuke, na muuzaji akichelewesha mzigo bado tarehe ya benki ni ileile.

Jambo ambalo asilimia yoyote haiwezi kulifunika ni kukosekana kwa dola. Mwaka 2023 na sehemu ya 2024 waagizaji wengi Tanzania walikuwa na shilingi za kutosha na kiwango kilichotangazwa kilikuwa kinavumilika, ila benki iliwaambia wasubiri. Mzigo uliocheleweshwa malipo hupoteza nafasi kiwandani, na uliofika bila nyaraka kulipiwa hukaa bandarini ukilipiwa gharama za kuhifadhiwa kila siku. Dalili huonekana mapema: benki inaanza kukuuzia dola kwa mafungu madogo, au pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia linapanuka. Ukiona hivyo, kituo chako cha mapitio kisogezwe mbele, na ombi la dola liwasilishwe wiki kadhaa kabla ya tarehe ya malipo.

Vigae, nyaya na nondo

Kwa vifaa vya kundi la pili, mnunuzi haoni dola, lakini muuzaji wa Kariakoo anaiona. Tangu kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, risiti na bei zote ni za shilingi, na wapo wanaodhani hatari imeondoka. Hatari haijaondoka, imehamia kwenye muda wa bei. Muuzaji anayeogopa anakupa bei ya siku saba badala ya mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani, hata kabla ya punguzo, liwe: bei hii itashika hadi lini?

Na kwa nini vigae havikushuka dola iliposhuka mwishoni mwa 2024? Kwa sababu vigae vilivyokuwa dukani vililipiwa miezi mitatu au minne nyuma, dola ikiwa 2,700. Muuzaji hawezi kuvitoa kwa hesabu ya 2,400 bila kula mtaji wake. Kupanda ni tofauti: dola ikipanda leo, anafikiria kontena lijalo atakalolipia, na bei inapanda leo hata kwa mzigo wa zamani. Kwa bajeti, maana yake ni kwamba tahadhari ya kundi hili iwekwe nzima kwa upande wa kupanda, na nafuu ya kushuka isihesabiwe mpaka ionekane kwenye bei iliyoandikwa.

Kiasi chake kinakadiriwa kwa urahisi. Kwa bidhaa iliyoagizwa nzima, chukua kwamba sehemu kubwa ya mwendo wa dola itafika kwenye bei, robo tatu hivi. Kwa nondo na mabati, nusu. Hosteli ikiwa na vigae vya milioni 60 vitakavyonunuliwa mwezi wa nane, tahadhari ya asilimia 8 mara robo tatu ni asilimia 6, yaani milioni 3.6. Haya ni makadirio ya kuanzia, na kamati iyasahihishe kwa bei halisi za maduka matatu katika kila kituo cha mapitio. Ikiwa kuna stoo kavu na mlinzi wa kuaminika, nyaya na vigae vinaweza kununuliwa mapema badala ya kushikilia fungu. Saruji isinunuliwe hivyo, itaganda.

Kabla ya kuandika tahadhari hiyo, soma mkataba wa mkandarasi. Kama amekubali bei isiyobadilika na yeye ndiye anayenunua vigae na nondo, tayari ameficha tahadhari yake ndani ya bei zake, na kamati ikiweka fungu lingine juu yake inalipia hatari moja mara mbili. Kama mkataba una kifungu cha kurekebisha bei, hatari ni ya mwenye jengo na fungu lazima liwepo. Mikataba mingi midogo haisemi lolote, na hapo ugomvi huanza siku nondo zinapopanda. Mwulizeni mkandarasi kabla ya kusaini, na jibu liandikwe: nani anabeba kupanda kwa bei, kuanzia tarehe ipi, kwa kulinganisha na bei ya duka lipi, na kupanda kwa kiasi gani ndiko kutakakohesabiwa. Mnaweza kukubaliana, kwa mfano, kwamba asilimia 5 ya mwanzo anaibeba mkandarasi, na kinachozidi hapo ndicho kinachojadiliwa.

Lifti zikishafungwa na asilimia 10 ya mwisho kulipwa, mweka hazina aandike karatasi moja: kiwango kilichokadiriwa na kilichotumika kwa kila malipo, bei iliyohofiwa na iliyosainiwa, na kilichosalia katika kila fungu. Salio lirudi kwenye akaunti kuu siku hiyohiyo, na karatasi ibaki kwenye faili la mradi kwa ajili ya kamati itakayoagiza jenereta mwaka unaofuata.